Mtu Akianguka Kazini, Andika Kilichotokea

"Mfanyakazi alipanda ngazi bila uangalifu, akaanguka na kuumia kiuno. Ameonywa awe makini."

Anayeandika hivyo katika daftari la ajali huamini kazi imekwisha. Lakini mkabidhi daftari hilo mtu ambaye hakuwepo siku hiyo, kama mkaguzi wa usalama, karani wa fidia au meneja mpya, kisha umuulize anajua nini. Hajui ni ngazi gani. Hajui ilisimamishwa wapi, mtu alikuwa amepanda umbali gani, wala sakafu ilikuwa na hali gani. Anachojua ni kwamba kuna mtu mmoja hakuwa makini, na hilo si jambo ambalo mwandishi aliliona kwa macho. Ni hukumu yake. Pamoja na ubaya wake kwa mtu aliyeumia, hukumu hiyo ina hasara nyingine: inakata maswali yote yaliyobaki. Ngazi inarudi kazini kesho yake, na mwingine anaipanda.

Tuchukue mfano wa ghala la unga wa sembe, uliotungwa kwa ajili ya makala haya, tuone taarifa kamili inavyojengwa. Sehemu ya katikati ingesomeka hivi:

"Jumanne, saa 4:40 asubuhi, mpakiaji alikuwa akishusha katoni za mifuko mitupu kutoka rafu ya juu, upande wa mashariki wa ghala. Alitumia ngazi ya aluminiamu ya kuegemeza. Ngazi iliegemea rafu kwenye kimo cha mita 4. Akiwa kwenye kipago cha nane, kama mita 2.4 kutoka sakafuni, alinyoosha mkono wa kulia kuchukua katoni ya tatu. Miguu ya ngazi iliteleza kuelekea nje, mbali na rafu. Ngazi ilishuka pamoja naye. Aliangukia nyonga ya kushoto kwenye sakafu ya saruji."

Kila sentensi hapo ina kitendo kimoja, na kila kitendo kinaweza kuulizwa: nani alikiona, au kilipimwaje? Hapa mwandishi anatakiwa kuwa mkali kwa nafsi yake. Mita 2.4 zilipatikana kwa kupima kutoka sakafuni hadi kipago cha nane, mahali zilipokuwa nyayo zake, maana kimo cha kuanguka hakihesabiwi kutoka kichwani. Kwamba ngazi iliteleza kuelekea nje alilisema mpakiaji mwenzake aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Karani wa stoo naye aliandikwa kuwa shahidi, lakini alipoulizwa taratibu, maneno yake yalikuwa haya: "Nilisikia kishindo, nikageuka, nikamwona yuko chini." Basi huyo hakuona kuanguka. Aliona mtu aliyekwisha anguka, na taarifa iseme hivyo hivyo. Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, kila mtu peke yake, kabla hawajakaa pamoja na kulainisha habari ikawa moja. Wakitofautiana, maelezo ya wote wawili yaandikwe, bila mwandishi kuchagua anayempendeza.

Saa nayo ina mtego wake kwetu. Sisi tunasema saa nne na dakika arobaini, lakini rejista ya hospitali na kamera ya getini huenda zikaonyesha 10:40. Taarifa ikiandika "4:40" bila neno asubuhi, msomaji wa mbali anaweza kudhani ajali ilitokea usiku wa manane, wakati ghala limefungwa, na mfanyakazi akaanza kuulizwa alikuwa akitafuta nini humo. Andika "saa 4:40 asubuhi", na kama fomu inataka saa ya kizungu, andika zote mbili.

Swali gumu kuliko hayo ni mahali pa kuanzia. Wengi huanza na kuteleza, wakati kuteleza huwa katikati ya habari. Katika ghala letu, rafu hiyo hufikiwa kwa ngazi nyingine, yenye magurudumu, jukwaa la kusimamia na vishikio pembeni. Alhamisi ya wiki iliyotangulia ilipelekwa kwa fundi wa kuchomelea, na daftari la kutoka getini linaonyesha hivyo. Jumanne saa 4:15 asubuhi msimamizi alimwambia mpakiaji: "Zishushe hizo katoni kabla gari halijafika." Ngazi iliyokuwepo ilikuwa ya kuegemeza tu. Mambo haya matatu yaandikwe kwanza, kwa mpangilio wa saa, kabla mtu hajakanyaga kipago cha kwanza.

Angalia lile agizo la msimamizi. Lingeweza kuandikwa "msimamizi alimlazimisha kupanda ngazi mbovu". Hiyo nayo ni lawama, ila imehamishwa kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Maneno yenyewe yaliyosemwa, yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu pamoja na saa yalipotamkwa, yanatosha. Msimamizi atayakubali kwa sababu ni yake, naye mpakiaji hatakuwa na la kuongeza.

Sasa turudi sakafuni. Jambo la kwanza ambalo watu hufanya baada ya ajali, kwa nia njema kabisa, ni kufagia na kuisimamisha ngazi ukutani. Ushahidi unaondoka na ufagio. Pale ghalani palikuwa na vumbi la unga, na juu ya vumbi hilo mistari miwili ya mikwaruzo ilionyesha miguu ya ngazi ilianzia wapi na ikaishia wapi. Ilipigwa picha, ikiwa na tepu ya kupimia kando yake, kabla ya kufagiliwa. Kutoka usawa wa rafu hadi mwanzo wa mikwaruzo ilikuwa mita 1.6.

Kipimo hicho kina maana kubwa. Kanuni inayofundishwa kuhusu ngazi ya kuegemeza ni moja kwa nne: kwa kila mita 4 za kimo inapoegemea, miguu yake ikae mita 1 kutoka chini ya mahali inapoegemea. Ikisogea karibu mno, ngazi huelekea kupinduka nyuma pamoja na mtu. Ikivutwa mbali mno, miguu huteleza. Hapa ilikuwa mbali kwa sentimita 60 zaidi. Mwandishi mwenye haraka angeandika mara moja kwamba mpakiaji aliisimamisha vibaya. Lakini picha ile ile inaonyesha kitu kingine: mbele ya rafu palikuwa na magunia ya unga yaliyopangwa juu ya mbao, na ukingo wake ulikuwa mita 1.5 kutoka kwenye rafu. Ngazi isingeweza kusogea hadi mita 1 bila magunia kuhamishwa. Na mguu wa kushoto wa ngazi haukuwa na kifuniko chake cha mpira.

Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo inayomtaja mkosaji, lakini sasa tunajua mengi kuliko lile neno "uangalifu" lingetuambia kamwe. Tunajua cha kufanya asubuhi inayofuata: ngazi hiyo iondolewe kazini, magunia yaachiwe nafasi mbele ya rafu, na ile ya magurudumu ifuatiliwe kwa fundi. Maoni hayo yawe na sehemu yake mwishoni mwa taarifa, chini ya kichwa chake, yasichanganywe na maelezo ya tukio.

Kuna namna moja ya lawama inayojificha vizuri, nayo ni kuandika kisichokuwepo. "Hakuvaa viatu vya usalama" ni kweli, maana mpakiaji alivaa ndala. Ikiachwa peke yake, sentensi hiyo inamwelekezea kidole. Ukweli wake mzima una nusu ya pili: "Daftari la stoo halionyeshi kwamba alipewa viatu vya kazi." Kila unapoandika kwamba mtu hakufanya au hakuvaa kitu, uliza pia kama alikipewa na kama alielekezwa kukitumia, kisha andika jibu ulilopata. Usipopata jibu, andika kwamba halijapatikana.

Bahati nayo isiingie humo. Tumezoea kufarijiana kwa kusema ajali haina kinga, na kwenye kitanda cha mgonjwa maneno hayo yana mahali pake. Katika daftari yanafunga mlango sawasawa na neno uzembe. Kama ajali haina kinga, nani atahangaika kutafuta kifuniko cha mpira?

Kuhusu majeraha, mwandishi asiwe daktari. "Amevunjika nyonga" ni jambo la kusemwa na hospitali baada ya picha ya eksirei. Mwandishi aliona na kusikia haya: mpakiaji alilalamika maumivu ya nyonga ya kushoto, hakuweza kusimama, hakupoteza fahamu. Aandike pia aliyofanyiwa, hata kama hayakuwa sahihi. Wenzake wawili walimnyanyua na kumketisha juu ya magunia. Mafunzo ya huduma ya kwanza huelekeza asisogezwe mtu aliyeanguka kutoka juu, isipokuwa pale alipo pana hatari, lakini hilo si sababu ya kuficha kwamba alinyanyuliwa. Daktari anahitaji kulijua. Saa 5:05 aliondoka kwa gari la kampuni kwenda hospitali, akifuatana na mtu wa huduma ya kwanza.

Taarifa iandikwe siku ile ile. Ukikosea neno, likate kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, kisha weka saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia huzaa shaka hata pale ambapo hapakuwa na hila.

Sheria nazo zina muda wake. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa ndani ya saa 24 ajali inapoua mtu, na taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Nchini Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na msingi wake ni kwamba mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri ili alipwe. Kinachotakiwa kujulikana ni kama aliumia kazini, na ameumia kiasi gani. Sentensi moja ya hasira iliyoandikwa na msimamizi inaweza kuzua mabishano yasiyo ya lazima juu ya madai ambayo yangepita kwa wepesi.

Nawe uliyeanguka, au uliyeshuhudia, utaletewa karatasi utie saini au dole gumba. Usiwaonee haya. Omba usomewe yote polepole, mpaka mwisho. Ukikuta jambo ambalo hukulisema au hukuliona, omba likatwe mbele yako kabla hujatia saini, kisha uombe nakala yako uihifadhi.