Mnara Unajibu, Simu Haziungi

Katika chumba cha kusimamia mtandao wa simu, kompyuta huuliza kila mtambo hali yake kwa itifaki ya SNMP, mara nyingi kila baada ya dakika 5. Mtambo ukijibu, skrini huonyesha kijani. Lakini jibu hilo halithibitishi kwamba wateja wanaongea.

Tuseme kwa saa moja wateja wa mnara mmoja wamepiga simu 1,000, zikaunganishwa 900: mafanikio ni asilimia 90. Kati ya hizo, 18 zikakatika zenyewe: asilimia 2. Hapo fundi hurudi kwenye SNMP kutazama hesabu ya makosa kwenye kiungo cha mnara. Ikiwa inapanda, akague kiungo. Ikiwa imetulia, achunguze redio na msongamano. Kijani pekee kisimridhishe.