Usiku mmoja, wageni wawili

Fleti ina vyumba viwili vya kulala, iko orofa ya sita Nyali, na Desemba haikosi watu. Kwenye daftari la msimamizi pameandikwa kwamba familia ya kutoka Nakuru itaingia tarehe 26 na kuondoka tarehe 29 asubuhi. Walipiga simu mapema mwezi huo, wakatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa, na msimamizi akajiambia atafunga tarehe mtandaoni jioni. Hakufunga. Siku chache baadaye mgeni mwingine wa Nairobi akaipata fleti hiyohiyo kwenye Airbnb ikionekana wazi, akalipia kuanzia tarehe 28 hadi 1 Januari. Mwenye nyumba akaja kuligundua jambo hilo tarehe 24, alipokuwa akipanga siku za kufua mashuka.

Kisa hiki ni cha mfano, ila wanaopangisha nyumba kwa siku Mombasa, Diani au Zanzibar watakitambua upesi. Mara nyingi chanzo ndicho hicho: pesa imepokelewa kwa simu, kalenda ya mtandaoni haijaguswa. Chanzo cha pili hujificha zaidi. Mwenye nyumba aliyetangaza kwenye Airbnb na Booking.com kwa pamoja huunganisha kalenda zake kwa kiungo cha iCal, kisha akaamini kwamba ukijaa upande mmoja, papo hapo upande wa pili unafungwa. Sivyo. Kila mtandao huisoma kalenda ya mwenzake baada ya muda fulani, mara nyingi saa kadhaa. Katika pengo hilo mgeni wa pili anaweza kulipa na kuthibitishiwa.

Kabla ya kumpigia mtu simu, mwenye nyumba anapaswa kuhesabu usiku, asihesabu tarehe. Mgeni anayeondoka tarehe 29 saa nne asubuhi hamzuii anayeingia siku hiyo saa nane mchana. Kwa hesabu hiyo, familia ya Nakuru ina usiku wa 26, 27 na 28. Mgeni wa Nairobi ana usiku wa 28, 29, 30 na 31. Wanaogongana ni usiku mmoja tu, ule wa 28. Buking ya siku nne iliyoonekana kuharibika imebaki na usiku mmoja wa kutafutiwa mahali.

Nani ahamishwe? Kwa kawaida aliyethibitishiwa kwanza hubaki. Hapa familia ilitangulia, na wakati wa mgongano itakuwa tayari imo ndani, watoto wametandaza vitu vyao, friji imejaa. Kuwatoa usiku wao wa mwisho ni usumbufu mkubwa kuliko kumpokea mgeni mpya mahali pengine. Basi anayepaswa kuzungumziwa ni mgeni wa Nairobi, na azungumziwe leo.

Kuna mambo mawili ambayo wenye nyumba hufanya hapa na hayafai kabisa. La kwanza ni kumwomba mgeni aghairi mwenyewe. Mgeni akighairi, masharti ya kughairi yanamwangukia yeye, na huenda akapoteza pesa kwa kosa lisilo lake. La pili ni uongo wa bomba lililopasuka. Mgeni akifika Nyali na kuona taa za fleti zinawaka na nguo zimeanikwa kwenye baraza, ameshajua. Kosa la kalenda mtu hulisamehe. Kudanganywa hakusamehewi kirahisi.

Hesabu ya pesa nayo inataka haraka. Tuseme usiku mmoja ni shilingi 8,000, kwa hiyo buking nzima ni 32,000. Kwenye Airbnb, mwenye nyumba akighairi zikiwa zimebaki zaidi ya saa 48 lakini si zaidi ya siku 30, kwa kawaida hutozwa asilimia 25 ya thamani ya buking. Hiyo ni 8,000. Akisubiri hadi ndani ya saa 48 inakuwa asilimia 50, yaani 16,000. Tarehe hizo pia hufungwa kwenye mtandao huo, kwa hiyo usiku wa 29, 30 na 31 uliokuwa umeuzwa vizuri hauwezi kuuzwa tena hapo. Booking.com wao humtarajia mwenye nyumba atafute malazi ya kiwango kilekile au bora zaidi na kufidia tofauti ya bei.

Njia iliyo nafuu kwa wote wawili ni kuibadilisha buking badala ya kuighairi. Mwenye nyumba anatuma ombi ndani ya mtandao la kusogeza tarehe ya kuingia kutoka 28 hadi 29. Mgeni akikubali, bei ya usiku mmoja inapungua na pesa yake inarudi. Usiku wa 28 mwenye nyumba anamlipia mahali pengine kutoka mfukoni mwake. Chumba kikiwa 10,000 na teksi 1,500, gharama ni 11,500. Inauma, lakini usiku mitatu imebaki salama.

Mahali hapo pengine pawe pameshashikwa kabla ujumbe haujatumwa. Apige simu kwa jirani au hoteli ya karibu, aulize idadi ya vitanda, lifti, jenereta na mahali pa kuegesha gari, kisha aombe ashikiwe hadi saa fulani. Halafu ampigie mgeni, na baada ya simu amwandikie kupitia mtandao uleule aliobukia, ili maneno yabaki. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

“Habari za jioni, dada. Naomba radhi, nimefanya kosa. Usiku wa tarehe 28 nilikuwa nimeshampa fleti mgeni mwingine kwa simu na sikuifunga kalenda. Kuanzia tarehe 29 hadi 1 fleti ni yako kama ulivyolipia. Kwa usiku huo mmoja nimekushikia chumba cha watu wawili katika hoteli iliyo dakika tano kutoka hapa, pamoja na kifungua kinywa. Nitalipa mimi, na bei ya usiku huo kwenye fleti utarudishiwa. Teksi ya kutoka stesheni ya Miritini na ya kukuhamisha kesho yake ni juu yangu. Ukipenda kukaa mahali pamoja siku zote nne, jirani yangu ana fleti ya vyumba viwili orofa ya pili, nakutumia picha sasa. Tofauti ya bei nitalipa mimi. Na kama umeamua kutokuja, nitaghairi mimi, urudishiwe pesa zako zote. Chumba nimeshikiwa hadi kesho saa sita mchana. Pole sana kwa usumbufu huu.”

Ujumbe huo hauna visingizio virefu. Kosa limetajwa kwa sentensi moja, na kilichobaki ni kile ambacho mgeni anataka kujua: nitalala wapi, nani analipa, na nina muda gani wa kuamua. Akichagua fleti ya jirani, aelezwe wazi kwamba buking hiyo haimo tena kwenye mtandao wa kwanza na ulinzi wake haumfuati huko, au jirani amtumie tangazo lake alipie humo.

Mgongano ukijulikana mgeni akiwa mlangoni saa tatu usiku, mabegi mkononi, mazungumzo ya fidia yangoje asubuhi. Mwenye nyumba amtafutie kitanda, alipe, amsindikize mwenyewe hadi aone amepewa ufunguo.

Tarehe 29 ndiyo siku yenye kazi nyingi. Familia inatoka saa nne, usafi unaanza, na mgeni wa hotelini naye hutakiwa kuacha chumba asubuhi. Kati ya hapo na saa nane hana pa kuweka mabegi. Msimamizi aende kuyachukua hotelini, ayafungie stoo, na amwambie mgeni saa kamili ambayo fleti itakuwa tayari. Kisha achukue simu na, kabla ya kujibu ulizo lolote la Januari, afunge tarehe kwanza ndipo atume namba ya kupokelea pesa.