Michoro Miwili ya Kumwonyesha Mwenye Hisa Alipopotezea

Mtu mwenye hisa katika Soko la Hisa la Nairobi hujua thamani ya hisa zake za leo, maana wakala wake humwonyesha kwenye simu. Muulize mtaji wake uliwahi kuporomoka kiasi gani kutoka kilele chake, ulikaa huko chini muda gani, na ni sekta gani iliyouvuta. Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu simu huonyesha leo tu. Majibu hayo yako katika kumbukumbu za kila siku, na michoro miwili inatosha kuyatoa.

Kumbukumbu zenyewe huandikwa na programu ndogo inayojiendesha kila jioni, baada ya soko kufungwa saa tisa alasiri. Kwa kila hisa inayomilikiwa huongeza mstari mmoja: tarehe, jina la hisa, sekta, idadi na bei ya kufungia. Mstari mwingine ni wa pesa taslimu zilizobaki kwa wakala, na mwingine ni wa pesa mpya zilizowekwa au kutolewa siku hiyo. Muhimu ni kwamba programu iongeze mistari mipya bila kufuta ya zamani. Hisa iliyouzwa kwa hasara mwezi wa pili lazima ibaki katika kurasa za mwezi wa pili. Daftari linalobakiza hisa za leo peke yake litaonyesha historia nzuri kuliko iliyotokea.

Mchoro wa kwanza ni mstari wa mtaji. Tuchukue mfano wa mtu aliyeanza Januari na shilingi 500,000 za Kenya. Mwisho wa Februari mtaji ulifika 560,000. Machi soko likageuka, na mwezi ukaisha akiwa na 504,000. Ameporomoka asilimia 10 kutoka kilele, ingawa bado yuko juu ya pale alipoanzia. Aprili mosi akaongeza 100,000 kutoka mshahara wake, na jumla ikawa 604,000.

Hapa ndipo michoro mingi hudanganya. Ukichora jumla hiyo ilivyo, mstari unaruka juu na kuweka kilele kipya, na mporomoko wa Machi unaonekana umekwisha. Lakini hakuna hisa iliyopona. Kilichopanda ni mshahara. Dawa yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Gawanya mtaji wa mwanzo katika vipande 5,000 vya shilingi 100 kila kimoja. Februari kipande kimoja kilikuwa na thamani ya shilingi 112, na Machi kikashuka hadi 100.80. Shilingi 100,000 mpya zinanunua vipande vingine 992 hivi kwa bei hiyohiyo ya 100.80, kwa hiyo idadi ya vipande inaongezeka na bei ya kipande haibadiliki. Ukichora bei ya kipande badala ya jumla ya pesa, mporomoko unabaki palepale ulipo. Ili arudi kileleni mtu huyu anahitaji kupanda asilimia 11.1, si 10, kwa sababu sasa anapanda kutoka chini. Mtaji wake wote utalazimika kufika takriban shilingi 671,000.

Kivuli ndicho kinachoyafanya hayo yaonekane kwa jicho. Kompyuta hukumbuka bei ya juu kabisa ya kipande iliyofikiwa hadi kila siku, kisha hupaka rangi hafifu nafasi iliyo kati ya kilele hicho na mstari wenyewe. Kwa lugha ya Python kazi hiyo ni mistari minne:

```python
kilele = kipande.cummax()
mporomoko = kipande / kilele - 1
ax.plot(kipande.index, kipande)
ax.fill_between(kipande.index, kipande, kilele, color="red", alpha=0.25)
```

Soma kivuli kwa vipimo viwili. Kina chake ni hasara kutoka kilele. Upana wake ni muda wa kusubiri. Watu huogopa kina, na mimi naona upana ndio unaochosha zaidi. Kipimo cha Nikkei cha soko la Tokyo kilifunga kwenye kilele cha 38,915 tarehe 29 Desemba 1989, na hakikupita hapo hadi Februari 2024. Kivuli hicho kina upana wa miaka 34.

Kivuli chembamba mno pia kichunguzwe. Kikiwa kirefu kama kisu, cha siku moja, na kesho yake mstari umerudi pale ulipokuwa, mara nyingi programu ilikosa bei ya hisa fulani ikaandika sifuri. Siku ya namna hiyo ni afadhali iachwe tupu.

Mstari wa mtaji hausemi nani alisababisha. Hiyo ni kazi ya mchoro wa pili, ramani ya joto: jedwali lenye sekta upande mmoja na miezi upande mwingine, kila chumba kikipakwa rangi kulingana na kilichotokea. Watu wengi hupaka rangi kwa kufuata faida au hasara ya sekta yenyewe. Tazama Machi ya mtu wetu. Kati ya shilingi 560,000, alikuwa na 336,000 katika mabenki, 112,000 katika mawasiliano, 28,000 katika nishati, 28,000 katika kilimo, na 56,000 taslimu. Nishati ilianguka asilimia 40, mabenki 12, mawasiliano 5. Kilimo kilipanda 4. Kwa upakaji huo nishati ndiyo inayowaka kuliko zote, naye atakimbilia kuilaumu.

Sasa paka rangi kwa mchango wa kila sekta katika mtaji wote. Nishati ilimpotezea shilingi 11,200, yaani pointi 2. Mabenki yalimpotezea 40,320, yaani pointi 7.2 kati ya 10. Tatizo lake lilikuwa kuweka asilimia 60 ya mtaji katika sekta moja. Kwa hiyo ramani ninayoitetea ni ya mchango, sifuri ikiwa nyeupe na kipimo cha rangi kikiwa kilekile miezi yote, ili wekundu wa Machi ulingane na wekundu wa Oktoba. Bluu na nyekundu zinafaa kuliko kijani na nyekundu, ambazo baadhi ya watu hawazitofautishi.

Chumba kisicho na rangi nacho kinaweza kupotosha. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni Julai 2020, zikaruhusiwa tena Januari 2025. Programu iliyonakili bei ya mwisho kila jioni ingeonyesha utulivu wa miaka minne na nusu kwa hisa ambayo hakuna aliyeweza kuiuza. Vilevile hisa za baadhi ya kampuni za chai hupitisha siku bila mnunuzi wala muuzaji, na bei yake husimama. Ni vyema daftari liwe na safu ya idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Ikiwa sifuri, chumba kipakwe kijivu.

Kabla ya kuiamini michoro yako, fanya hesabu moja. Jumlisha michango ya sekta zote na pesa taslimu kwa mwezi mmoja, kisha linganisha na badiliko la bei ya kipande mwezi huohuo. Machi ya mfano wetu ni -7.2, -1.0, -2.0 na +0.2, jumla -10, sawasawa na kushuka kutoka 112 hadi 100.80. Jumla zisipokubaliana, anza kutafuta gawio lililoandikwa kama pesa mpya au ada ya wakala iliyosahauliwa, na usinunue wala kuuza kwa kufuata michoro hiyo mpaka zikubaliane.