Mkopo wa kikundi: dhamana ni jirani, gharama je?

Mama lishe anataka shilingi 600,000 aongeze meza na masufuria. Hana hati ya kiwanja wala kadi ya gari, kwa hiyo benki haimfai. Zimebaki njia tatu, na zote zinamtaka awe na wenzake.

Ya kwanza ni taasisi ya mikopo midogo. Watu watano hudhaminiana, mtindo uliotokana na mradi alioanzisha Muhammad Yunus kijijini Jobra, Bangladesh, mwaka 1976. Afisa mikopo hajui nani mlipaji na nani mkimbiaji, lakini majirani wanajua, na humkataa mkimbiaji kabla fedha hazijatoka. Hiyo ndiyo dhamana yenyewe.

Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi 6, ikipigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho. Kila mwezi ni 18,000, jumla 108,000. Marejesho ya wiki 24 yanakuwa 29,500 kila wiki. Taasisi ikishikilia akiba ya asilimia 10, mkononi anabaki na 540,000, ingawa riba inapigwa kwenye 600,000. Mwenzake mmoja akikosa rejesho, wanne waliobaki wanachangia 7,375 kila mmoja, na mara nyingi kikao hakivunjwi mpaka hela itimie.

Ya pili ni VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, na vikundi vingi humkopesha mtu hadi mara tatu ya hisa zake. Kwa hiyo lazima kwanza awe na hisa za 200,000. Riba ikiwa asilimia 3 ileile lakini ikahesabiwa kwenye salio, na akapunguza 100,000 kila mwezi, atalipa 18,000, kisha 15,000, 12,000, hadi 3,000: jumla 63,000. Tena sehemu ya riba hiyo humrudia siku ya mgao. Ubaya wake ni kusubiri, na fedha kuwa chache msimu ambao kila mtu anakopa.

Ya tatu ni mkopo wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Lakini kikundi lazima kisajiliwe na maombi yapite ngazi kadhaa, hivyo haumfai mwenye haraka.

Mwenye hisa tayari aanzie VICOBA. Anayeweza kusubiri aombe halmashauri. Akilazimika kwenda taasisi, asiishie kuuliza asilimia ya riba. Aulize: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarejesha jumla shilingi ngapi? Kisha awatazame wenzake wanne, ajiulize kama yuko tayari kumlipia kila mmoja wao.