Dawa ya Akili Hailevyi

Ndugu wa mgonjwa wa skizofrenia wakimwona amepoa baada ya kumeza haloperidoli, mara nyingi husema, "Wanamlewesha tu." Sivyo. Dawa hii na vilevi vinakutana kwenye kemikali moja ya ubongo, dopamini, lakini kazi zake zinapingana.

Seli ya ubongo huachia dopamini, nayo huvuka mwanya mwembamba na kushika vipokezi vya seli ya pili, kisha hurudishwa ilikotoka. Kokeni huzuia kurudishwa huko. Miraa ina katinoni, inayoisukuma seli iachie dopamini zaidi. Kwa vyovyote dopamini hujaa kwenye mwanya, mtu huchangamka, na ubongo hujifunza kuitaka tena hali hiyo.

Haloperidoli haiongezi chochote. Huingia kwenye kipokezi kiitwacho D2 kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli usizunguke: mlango haufunguki, na ufunguo halisi hauna pa kuingia. Ndiyo maana haina raha ya kutamaniwa. Wengi wanaoitumia husema wanahisi uzito, ubaridi wa moyo, hata kukosa hamu.

Mchukue kijana anayeamini mtangazaji wa redio anamsema yeye. Dopamini iliyozidi hukipa kila kitu kidogo maana kubwa. Dawa ikianza kazi, kwanza redio huacha kumsumbua, ingawa bado anaamini ilimsema. Imani yenyewe hulegea polepole, kwa wiki kadhaa. Akitafuna miraa katikati ya matibabu, anaimwaga upya dopamini ile ile ambayo dawa inaizuia.

Ugumu uko kwenye kipimo. Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kuwa nafuu huanza kuonekana dawa ikishika takriban asilimia 65 ya vipokezi vya D2. Ikipita asilimia 80 hivi, madhara ya viungo huongezeka, kwa kuwa vipokezi hivyo hivyo huongoza mwendo wa mwili. Nafasi kati ya nafuu na madhara ni finyu. Siku za mwanzo shingo inaweza kujipinda au macho kukwama yakitazama juu. Familia hudhani ni mashetani, kumbe ni dawa, na sindano au kidonge cha benzeksoli huituliza.

Dhara linalonihuzunisha zaidi ni lile la kushindwa kutulia. Mgonjwa anatembea huku na huko, akikaa anachezesha miguu, ndani anaungua. Asiyejua husema ugonjwa umepanda, dozi inaongezwa, na mateso yanazidi. Muulize mgonjwa mwenyewe: ni mawazo yanayokukimbiza, au ni miguu inayokataa kukaa? Akisema ni miguu, mrudisheni kliniki upesi, mumweleze daktari maneno hayo hayo. Msimwachishe dawa ghafla nyumbani, maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa.