Mizizi Ikilingana, Kiungo Hutupwa

Mwaka 1956 Joseph Kruskal alionyesha jinsi ya kuunganisha vituo vyote kwa waya mfupi kabisa: anza na kiungo kifupi zaidi, ruka kinachofunga mzunguko. Kazi ni kuutambua mzunguko huo upesi.

Kila kituo huanza kikiwa mzizi wa kundi lake. Tuseme A–B na C–D zimeungwa. Ikija B–C, mizizi A na C ina daraja sawa, hivyo C huwekwa chini ya A, na daraja la A hupanda. Yangetofautiana, dogo lingekwenda chini ya kubwa, mti usirefuke ovyo.

Sasa A–D. Kompyuta hupanda kutoka D hadi C, kisha A. Mzizi ni uleule: mzunguko! Kiungo hutupwa, na D huelekezwa moja kwa moja kwa A. Daraja, hata hivyo, halipunguzwi.