Maombi Mengi, Ukomo Mmoja: Namna Hospitali Inavyogawa Bajeti na Kuandika Kilichoachwa

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Miezi kadhaa kabla ya hapo, kila idara ya hospitali hutakiwa kuwasilisha mahitaji yake, na ofisi ya fedha hutoa ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu ambacho jumla ya matumizi haiwezi kukivuka. Mara nyingi maombi huwa makubwa kuliko ukomo. Makala haya yanaeleza namna ya kuyafanya yaenee, na kwa nini kilichoachwa kinapaswa kuandikwa kwa uangalifu uleule wa kilichopitishwa.

Mfano wa hospitali ya wilaya

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya maelezo. Hospitali imepewa ukomo wa shilingi milioni 600. Kabla ya idara yoyote kusikilizwa, hutengwa kwanza malipo yasiyoepukika: umeme na maji milioni 70, mikataba ya usafi na ulinzi milioni 60, na deni la dawa la mwaka uliopita milioni 50. Hivyo fedha za kugawa ni milioni 420 tu.

Maombi ya idara yanafikia milioni 560. Famasi inaomba milioni 240, maabara 110, chumba cha upasuaji 90, wodi ya wazazi 80, na idara ya wagonjwa wa nje 40. Pengo ni milioni 140.

Kwa nini kukata sawasawa hakufai

Njia inayoonekana kuwa ya haki ni kumpunguzia kila mmoja robo ya ombi lake. Hesabu inakubali, lakini huduma haikubali. Maabara iliomba milioni 75 za vitendanishi na milioni 35 za mashine mpya ya kupima kemia ya damu. Ikipewa milioni 82.5 na kununua mashine hiyo, itabakiwa na milioni 47.5 za vitendanishi, ambazo zitakwisha katikati ya Februari. Kuanzia hapo mgonjwa atakuta mashine mpya isiyoweza kumpima. Chumba cha upasuaji nacho, kikinunua mashine mpya ya kutakasa vifaa kwa mvuke kwa milioni 45, kitakuwa na nyuzi, pamba na dawa za usingizi za nusu mwaka tu.

Vitu vingine havigawanyiki. Robo tatu ya mashine haipo. Aidha, wakuu wa idara wakishazoea kukatwa robo, mwaka unaofuata huongeza maombi mapema ili kujikinga, na takwimu za hospitali hupoteza ukweli wake.

Njia nyingine yenye hatari ni kugawa kwa kufuata makusanyo ya kila idara. Kwa mujibu wa sera ya msamaha, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi ada katika vituo vya umma. Wodi ya wazazi itaonekana haiingizi fedha, ilhali ndiyo inayopokea wagonjwa usiku na mchana.

Kuvunja ombi vipandevipande

Njia inayofaa ni kuligawa kila ombi katika vipande na kuuliza swali moja kwa kila kipande: kisipopatikana, ni nini kitamtokea mgonjwa, na kuanzia mwezi gani?

Katika mfano huu, famasi ilikokotoa mahitaji kwa matumizi ya mwaka uliopita bila kutoa akiba. Leja ya stoo inaonyesha kwamba ifikapo tarehe 30 Juni kutakuwa na dawa za milioni 25 ambazo muda wake wa matumizi bado ni mrefu. Ombi linashuka hadi milioni 215, na hakuna mgonjwa anayepoteza kitu. Masahihisho ya namna hii hutangulia daima, kwa kuwa si kujinyima bali ni kurekebisha hesabu.

Kujinyima kwenyewe kunaanza baada ya hapo. Maabara inapata vitendanishi vyote, milioni 75, na mashine inaahirishwa. Chumba cha upasuaji kinapata milioni 45 za vifaa vya kutumika, na milioni 8 za kutengeneza mashine ya zamani ya mvuke badala ya kununua mpya. Jumla milioni 53. Wodi ya wazazi iliomba vitanda kumi vya kujifungulia kwa milioni 2.5 kila kimoja. Inapata vinne, pamoja na vifaa vyake vyote vya kutumika na vya watoto wachanga, jumla milioni 65. Idara ya wagonjwa wa nje inapata milioni 12 za vifaa, na banda la kusubiria la milioni 28 linaahirishwa. Jumla yote ni milioni 420 kamili.

Kuandika kilichoachwa

Kipande kilichokatwa hakitoweki. Gharama yake huhamia kwa mtu mwingine, na kumbukumbu huandikwa ili mtu huyo aonekane. Maneno kama “limeahirishwa kwa ufinyu wa bajeti” hayasemi lolote. Kumbukumbu kamili hutaja kilichoombwa na bei yake, uamuzi na sababu, atakayebeba athari, hatua ya kupunguza athari hiyo, na tukio litakalolazimisha suala kurudishwa mezani.

Kwa mashine ya kemia ya damu, ingeandikwa hivi: “Mashine, milioni 35, imeahirishwa ili vitendanishi vitoshe miezi 12. Wagonjwa wanaohitaji vipimo vya figo na ini wataendelea kupelekwa hospitali ya mkoa na kujilipia nauli. Maabara itapeleka sampuli kwa gari la hospitali mara mbili kwa wiki na kuhesabu wagonjwa wanaosafiri wenyewe. Litaangaliwa upya katika mapitio ya Desemba. Makusanyo yakizidi makadirio, hili ni la kwanza.”

Kwa mashine ya mvuke iliyotengenezwa, sharti huwa la kitaalamu: kiashiria kinachowekwa ndani ya kifurushi cha vifaa kikishindwa kubadilika rangi kama inavyotakiwa, vifaa hivyo havitumiki, na kikishindwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, ombi la mashine mpya linarudi mezani bila kungoja mwaka mpya.

Kumbukumbu husainiwa na Mganga Mfawidhi, mhasibu na mkuu wa idara husika. Saini ya mkuu wa idara haimaanishi kwamba ameridhika. Inathibitisha kwamba athari zimeandikwa kama alivyozieleza.

Ukomo si fedha mkononi

Ukomo ni ruhusa ya kutumia, si fedha zilizokwishaingia. Sehemu inayotegemea makusanyo ya hospitali huingia kidogokidogo, na huenda isifike. Kwa sababu hiyo orodha ya vipaumbele huandikwa pande zote mbili: kitakachoongezwa fedha zikizidi, na kitakachosimama kwanza zikipungua. Katika mfano huu, vitanda vinne husubiri hadi robo ya pili ya mwaka, lakini vitendanishi na nyuzi za upasuaji hununuliwa tangu Julai. Orodha hiyo ikikosekana, fedha huishia kwa idara iliyowahi kufika kwa mhasibu.

Dalili kwamba mgawanyo ulikosewa huonekana mapema. Wagonjwa huanza kuandikiwa vitu wakanunue nje, vipimo hurudishwa kwa kukosa vitendanishi, na idara huazimana vifaa bila maandishi. Muuguzi anayeona hali hiyo ana haki ya kuuliza kama ilitarajiwa katika kumbukumbu. Mgonjwa naye anaweza kuuliza kupitia wawakilishi wa wananchi katika kamati ya usimamizi wa kituo. Athari hiyo ikiwa imeandikwa, jibu litakuwa na sababu na tarehe ya kuangaliwa upya. Ikiwa haikuandikwa, ni jambo jipya, na linapaswa kuingia katika mapitio yanayofuata.